Kahawa Haisafishi Pua

Msikilizaji, katika maduka mengi ya manukato utakuta kibakuli cha buni zilizokaangwa kimewekwa juu ya kaunta. Ukishanusa chupa ya tatu au ya nne, muuzaji anakusogezea: nusa kahawa kwanza, pua isafike. Unanusa, unajihisi umepata nafuu, unaendelea na chupa ya tano. Leo nataka tukizungumzie kibakuli hicho, kwa sababu kinawapa watu imani ya kuendelea kunusa wakati pua zao zimeshachoka, na wanafungua pochi kwa harufu ambayo hawakuisikia sawasawa.

Tuanze na huko kuchoka. Juu kabisa ndani ya pua kuna seli za fahamu zinazopokea harufu, na kila aina ya kipokezi ina kundi lake la harufu inazozitambua. Harufu ileile ikiendelea kufika, mwitikio wa seli hizo hupungua baada ya muda mfupi, na ubongo nao huacha kuishughulikia. Aliyefukiza udi chumbani akabaki humo ndani, baada ya muda haisikii tena harufu yake, ilhali mgeni anapokewa nayo mlangoni. Udi haujapungua, pua ya mwenye chumba ndiyo imeizoea.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hawalijui ni kwamba uchovu huu unachagua. Ukinusa manukato matatu mfululizo yenye udi, ambari na miski, la nne la ukoo huohuo utaliona hafifu, pengine useme limechakachuliwa. Lakini mtu akikukatia ndimu wakati huohuo, utaisikia vizuri kabisa. Kwa hiyo chupa ya nne imehukumiwa kwa kosa la zile tatu zilizotangulia. Njia ya kujua kama umefika hapo ni rahisi: rudia kunusa kile ulichonusa kwanza. Kama muda mfupi uliopita kilikuwa kikali na sasa umekiona kimefifia, mpe uliyeongozana naye anuse. Yeye akikisikia vizuri, basi aliyechoka ni wewe.

Sasa turudi kwenye kahawa. Mwaka 2011 Alexis Grosofsky na wenzake wa Chuo cha Beloit, jimbo la Wisconsin nchini Marekani, waliipima imani hii. Waliwanusisha watu manukato kadhaa, kisha wengine wakapewa buni za kahawa, wengine vipande vya limau, na wengine hewa tupu. Baada ya hapo wote walinusishwa manukato manne, wataje lipi lilikuwa geni kwao. Walionusa kahawa hawakuwashinda walionusa hewa tupu. Lilikuwa jaribio dogo, na lilipima uwezo mmoja tu wa pua. Lakini linaendana na tunachokijua kuhusu kahawa yenyewe: buni iliyokaangwa hutoa mamia ya kemikali zenye harufu, na hakuna sababu ya kemikali hizo kuziondoa zile zilizokwishaingia puani. Ukiinusa umeongeza harufu nyingine juu ya zilizopo.

Mbona basi mtu anajihisi amepata nafuu? Kwa sababu amesimama. Zile sekunde za kuinamia kibakuli ni sekunde ambazo hakunusa manukato, na pua imepumzika kidogo. Mapumziko hayo unaweza kuyapata bila kahawa, tena yaliyo bora zaidi: toka nje ya duka, kwa sababu ndani hewa yote imeshajaa pafyumu, vuta hewa ya mtaani kwa dakika kadhaa, ndipo urudi. Usipoweza kutoka, nusa mkunjo wa kiwiko chako, mahali ambapo hukupaka kitu. Hiyo ni harufu ambayo pua yako imeizoea siku zote, nayo haitakuongezea mzigo.

Tuseme umeingia dukani saa nne asubuhi kutafuta pafyumu moja. Chagua tatu tu, na kama unaweza zisiwe za ukoo mmoja. Omba vikaratasi vya kunusia, andika jina la kila pafyumu kwenye ncha kavu, kisha pulizia ncha nyingine mara moja kwa umbali wa kama shubiri. Usinuse papo hapo. Sehemu kubwa ya kinachotoka kwenye chupa ya kupulizia ni spiriti, na ukiikimbilia itakuchoma pua kabla hujasikia chochote. Subiri kama dakika moja, peperusha kikaratasi, kisha kilete karibu na pua bila kuigusa, kwa sababu kikigusa ngozi ya pua utabaki na harufu hiyo mpaka unaondoka.

Unachosikia hapo ni utangulizi. Limau, chungwa na majani mabichi yana chembe nyepesi zinazoruka upesi, na mara nyingi robo saa haiishi zimeshakwenda. Nyuma yake hufuata maua na viungo, na mwisho kabisa hubaki vile vizito: msandali, vanila, ambari na miski. Hivyo vizito ndivyo utakavyokaa navyo kutwa, na ndivyo vyenye thamani kwako. Mtu anayelipa baada ya dakika mbili amenunua limau. Baada ya nusu saa vinuse vikaratasi vyako upya, utupe kile ambacho hakikuvutii tena.

Kikaratasi kinakusaidia kukataa, kukubali ni kazi ya ngozi. Karatasi ni baridi, kavu, na haina mafuta. Ngozi ina joto, jasho na mafuta yake, kwa hiyo harufu hufunguka kwa mwendo mwingine, na kwenye ngozi kavu huondoka mapema. Pulizia ile moja iliyobaki upande wa ndani wa mkono mmoja, penye ngozi isiyo na losheni yenye harufu, na uache ikauke yenyewe. Ukisugua mikono unaongeza joto na kuufukuza utangulizi kabla hujausikia. Kama zimebaki mbili, kila moja ipate mkono wake.

Kwa wale wanaonunua manukato ya mafuta, yale ya kupimiwa kwenye vichupa vidogo, hapo hakuna spiriti ya kukuchoma, na hufunguka taratibu zaidi. Tone dogo linatosha. Lakini usikubali muuzaji akupake matano mkono huohuo, kwa kuwa baada ya hapo hakuna atakayejua lipi linanukia.

Kisha ondoka dukani. Endelea na shughuli zako, nusa mkono baada ya nusu saa, baada ya saa mbili, na tena jioni. Muulize na mtu wa nyumbani, kwa sababu mbili. Kwanza, wewe unaweza kuwa umeshaizoea ukadhani imekwisha. Pili, kuna baadhi ya miski za maabara ambazo watu wengine hawazisikii kabisa kwa maumbile yao, na huenda wewe ni mmoja wao huku wenzako wanaona umejipulizia kupita kiasi.

Muuzaji akikuhimiza ulipe palepale kwa sababu umeshanusa kahawa, mwambie utarudi kesho. Manukato ambayo bado unayapenda saa sita baada ya kuyapaka ndiyo ya kulipia.