Nauli ya Lori

Juma hili nina neno kuhusu lori. Tuseme wakulima wadogo 20 wa ufuta wamekubaliana kuuza pamoja. Magunia ni 60, na lori la kwenda sokoni ni shilingi 300,000. Wengi hukimbilia kugawa kwa vichwa, kila mtu 15,000. Basi mama mwenye gunia 1 analipa sawa na bwana mwenye 10! Msimu ujao mama huyo humwoni. Wakigawa kwa gunia ni 5,000. Bwana atoe 50,000 zake.

Lakini usiku mlanguzi hupita na fedha taslimu. Magunia 20 yakiuzwa kichochoroni, 40 yaliyobaki yanabeba nauli ile ile, 7,500 kila moja. Anayeadhibiwa ni mwaminifu. Kwa hiyo masharti yaseme kwamba kila mwanachama huandikisha magunia yake kabla lori halijakodiwa, na asiyeyaleta hulipia nafasi yake, isipokuwa kamati imejionea shamba lake limeharibika. Na anayeshika fedha asiwe ndiye anayesoma mizani. Mimi ningeyaandika hayo kabla watu hawajaanza kugombea uenyekiti.