Kushiba Bila Protini: Unyafuzi kwa Mtoto Aliyeachishwa Ziwa

Utangulizi
Walimu wetu na wauguzi wenzangu, mada hii inamhusu mtoto anayekula akashiba, lakini mwili wake ukakosa protini. Mji wa Katwe-Kabatoro umezungukwa na Hifadhi ya Taifa ya Queen Elizabeth, ambamo hairuhusiwi kulima, hivyo familia nyingi zinazoishi kwa kuchimba chumvi hununua chakula chao. Pesa ikipungua, mtoto anaweza kubaki na bundu wa muhogo peke yake.

Hesabu ya sahani
Gramu 1 ya wanga au protini hutoa kilokalori 4, na ya mafuta 9. Chukueni mfano wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, mwenye kilo 10, ambaye hanyonyi tena. Kwa siku anahitaji takriban kilokalori 800 na protini gramu 11. Gramu 240 za unga wa muhogo zinatosha kumpa nishati hiyo, lakini protini yake ni gramu 4 hivi. Tukipunguza unga hadi gramu 190 na kuongeza gramu 50 za maharage makavu, yakapikwa na kupondwa, nishati haibadiliki, ila protini hufika karibu gramu 14.

Kumtambua
Mwenye nyongea hukosa nishati yenyewe, akakonda hadi mbavu zikahesabika. Mwenye unyafuzi huvimba, na maji hayo huongeza uzito, kwa hiyo mizani inaweza kutudanganya. Bonyezeni juu ya nyayo zote mbili kwa dole gumba kwa sekunde 3. Shimo likibaki miguu yote miwili, huo ni utapiamlo mkali hata kama uzito unaonekana mzuri. Tazameni pia nywele zilizofifia na kung'oka bila maumivu, ngozi inayobanduka na mtoto asiyetaka kucheza.

Matibabu
Kosa kubwa ni kumjaza protini siku ya kwanza. Ini na figo zake hazijaweza kuibeba. Aliyevimba mwili mzima, asiye na hamu ya kula au mwenye homa alazwe, apimwe sukari, apewe joto na antibiotiki, kisha maziwa ya F-75 kidogo kidogo kila saa 2 au 3. Maziwa hayo yana protini kidogo makusudi. Asipewe dawa ya kukojoza wala chakula cha chumvi, kwa kuwa mwili wake tayari umelimbikiza chumvi.

Mipaka ya hesabu
Upungufu wa protini peke yake hauelezi kila kitu. Watoto wawili wanaweza kula sahani moja, mmoja akavimba, mwingine akakonda. Surua na kuhara huchangia pia. Kwa hiyo hesabu ya sahani ni ya kinga, na ya nyumbani baada ya mtoto kupona. Mama anaporuhusiwa, tumuulize anachoweza kununua. Gramu 30 za ngege wa Ziwa Edward, aliyetolewa miiba, huongeza protini gramu 6 hivi kwenye bundu uleule.