Ahadi Hutangulia Malipo: Udhibiti wa Matumizi katika Halmashauri za Bonde la Kilombero

Mhadhara wa umma, Ifakara



Fedha ya halmashauri huanza kutumika siku mzabuni anapoambiwa alete mali. Siku ya hundi tunakamilisha tu jambo lililokwisha kuamuliwa. Ndiyo maana mfumo wa fedha wa umma, ukiwa Epicor uliotumiwa na halmashauri zamani au MUSE wa leo, unapaswa kuihesabu ahadi ya matumizi tangu hati ya ununuzi, yaani LPO, inapoidhinishwa.

Tuchukue mfano wa kubuni. Kasma ya matengenezo ya magari imepokea shilingi milioni 24. Zilizolipwa ni milioni 9, na ipo LPO ya matairi ya milioni 6 ambayo bado haijatekelezwa. Anayetazama malipo peke yake ataona salio la milioni 15. Likija ombi la kutengeneza injini kwa milioni 11, litapita. Matairi yakifika, jumla inakuwa milioni 26, na halmashauri ina deni la milioni 2 bila mtu yeyote kuwa amekusudia kuvunja sheria. Mfumo unaohesabu ahadi huonyesha salio huru la milioni 9, na ombi la milioni 11 hukataliwa siku hiyohiyo, kabla fundi hajagusa gari.

Sasa mzabuni analeta matairi ya milioni 4 kati ya 6. Stoo ikisajili mapokezi, ahadi hushuka hadi milioni 2, na milioni 4 huhamia kwenye madeni, kwa kuwa katika uhasibu tunaoufuata deni huzaliwa mali inapopokelewa. Salio huru linabaki milioni 9. Hapo ndipo penye kipimo cha kujua kama mfumo umepangwa sawasawa: mapokezi hayapaswi kulibadili salio huru. Likishuka hadi milioni 5, mali ileile imehesabiwa mara mbili. Likipanda hadi milioni 13, ahadi imefutwa lakini deni halikuandikwa. Na mzabuni akishindwa kuleta matairi yaliyobaki, LPO ifungwe ili milioni 2 zirudi kwenye kasma. Isipofungwa, fedha hiyo itakaa bila kazi hadi Juni 30, siku ambayo mwaka wa fedha na idhini ya matumizi vinafika mwisho.

Hesabu hizo kompyuta inazimudu. Udhaifu mkubwa uko nje ya kompyuta, na jiografia yetu inauzidisha. Masika hushika bonde hili kati ya Machi na Mei. Barabara huharibika, magari hukwama, na gari la wagonjwa haliwezi kusubiri. Mpunga, ambao ushuru wake ni tegemeo la mapato ya ndani, huanza kuvunwa kwa wingi takribani Mei. Kwa hiyo haja hufika kabla ya fedha. Kasma ikiwa tupu, mfumo unakataa LPO, na afisa aliyebanwa humpigia fundi simu: "Tengeneza, karatasi tutamalizia baadaye." Kuanzia hapo ahadi ipo mtaani ila mfumoni haipo. Salio linasomeka vizuri, na fundi anadai.

Hazina imekuwa ikiwaelekeza maafisa masuuli kwamba kila LPO itolewe kupitia mfumo. Agizo hilo ni sahihi, lakini anayepiga simu hapiti mfumoni. Namna ya kumgundua ni kulinganisha tarehe. LPO ikiandikwa baada ya hati ya kupokelea mali, au baada ya ankara ya mzabuni, basi ahadi ilitolewa kwa mdomo na LPO ikaja kuihalalisha. Ripoti ya tarehe hizo mweka hazina anaweza kuitoa kila mwezi.

Ninapendekeza mambo mawili. Kwanza, mahitaji ya masika yanayojulikana yawekewe ahadi mapema, mwaka wa fedha unapoanza Julai na fedha ya mavuno ingali inaingia, kwa mkataba wa matengenezo ya mwaka mzima badala ya kungoja gari likwame. Hili lina gharama yake: fedha iliyowekewa ahadi haiwezi kuhamia kwenye dharura nyingine bila ahadi hiyo kupunguzwa rasmi, na madiwani wanapaswa kulikubali hilo wanapopitisha bajeti. Pili, Kamati ya Fedha ipewe kila mwezi orodha ya LPO zilizo wazi na umri wake, pamoja na zile zilizozaliwa baada ya mali kupokelewa. Orodha hiyo ya pili ikiwa ndefu, kamati isiridhike na salio la kasma hata likionekana nono, kwa sababu sehemu yake tayari ni haki ya mzabuni.

Kwa wazabuni wa Ifakara nina neno moja: msipeleke mali bila LPO iliyotoka mfumoni. Mkikataa simu, mnalinda mitaji yenu na bajeti ya halmashauri kwa pamoja.