Blanketi zito halifulwi kama shati
(Maneno yaliyosemwa kwenye mkutano wa wanachama, Baraka)

Blanketi la sufu nililorudi nalo toka Nyarugusu niliharibu mwenyewe. Nilisindilia ndani ya mashine ya kilo 5. Likiwa kavu lilienea. Kumbe maji yalipoingia halikugeuka tena. Sabuni ilibaki katikati, likakauka gumu kama ngozi.

Basi mpime hivi: mweke blanketi kavu ndani ya pipa la mashine bila kulisukuma. Likipita theluthi mbili, mashine hiyo ni ndogo. Mimi sasa natumia pipa la mawese la lita 200, limekatwa nusu na kusafishwa. Maji ya baridi, sabuni kidogo. Kandamiza, usisugue: sufu ikipata maji ya moto na kusuguliwa inajikaza, hairudi tena. Suuza mpaka povu liishe.

Usilisokote, mama. Likunje, ulibane maji yatoke, kisha ulitandaze juu ya kamba mbili, kivulini, upepo wa ziwa ulipige. Likiwa bado na unyevu, likung'ute mara mbili tatu. Lile la manyoya ya plastiki vilevile, ila usilianike karibu na moto: manyoya yanayeyuka, yanashikana.