Mshahara wa Dola, Matumizi ya Shilingi

Msikilizaji wa Garissa, tuseme shirika linalohudumu Dadaab limekuahidi dola 1,000 kwa mwezi. Usizidishe kwa kiwango unachosikia kwenye habari. Hicho ni wastani wa Benki Kuu. Benki yako itanunua dola zako kwa bei ya chini kidogo, na hiyo ndiyo bei yako.

Tuchukulie wastani ni shilingi 129, na benki inanunua kwa 126. Pesa zikipitia benki ya kati ughaibuni, huenda zikakatwa, tuseme, dola 20. Toa makato kwanza: dola 980 mara 126 ni shilingi 123,480, wala si 129,000.

Halafu kuna kiwango chenyewe. Januari 2024 dola ilifika takriban shilingi 160. Kufikia Aprili ilikuwa karibu 130. Dola 1,000 zilipungua kwa shilingi 30,000 hivi, na kodi ya nyumba haikushuka.

Kwa hiyo, kabla ya kutia sahihi, uliza: ada za kutuma analipa nani? Akikubali mwajiri, fomu ya benki iandikwe OUR. Na ukipanga kodi na karo, hesabu kwa kiwango cha tahadhari, tuseme shilingi 115 kwa dola, ili kiwango kikishuka usikwame.