Mpangaji Anapotaka Kununua Nyumba Anayokaa
(Hotuba iliyotolewa mbele ya wanachama)



Wengi wenu mmetuuliza habari ya kununua nyumba mnazopanga. Leo tutasema juu ya hatua ya kwanza tu, yaani kumwarifu mwenye nyumba na kumwuliza masharti yake, maana hapo ndipo mwenzetu mmoja alipopotelewa na fedha.

Mwenzetu huyo alilipa kodi ya shilingi 12,000 kwa mwezi. Alimwambia mwenye nyumba pale mlangoni kuwa anataka kununua. Mzee akamjibu, “Ongeza 5,000 kila mwezi, nitazihesabu katika bei.” Akaongeza miezi 20, jumla shilingi 100,000. Kisha mzee akafariki. Wanawe walipoonyeshwa risiti, zote ziliandikwa “kodi”, wakasema kodi ilipandishwa, basi. Tulikwenda naye kwa wakili, akatusomea Sheria ya Mikataba, kifungu cha 3: mapatano ya kuuza ardhi au nyumba hayashtakiwi kortini ila yawe yameandikwa, yametiwa sahihi na pande zote, na sahihi zimeshuhudiwa. Angeweza kudai arudishiwe fedha zake, lakini risiti zake mwenyewe zilimpinga.

Kwa hiyo tunashauri barua. Mwanachama mwingine alipotujia tuliandika naye hivi:

“Mzee wangu, salaam. Nimekaa katika nyumba yako miaka 6. Kama unafikiri kuiuza, ningependa kuinunua. Naomba unijulishe bei unayotaka, kama utakubali nilipe kidogo kidogo na kwa muda gani, na kama sehemu ya kodi itahesabiwa katika bei. Barua hii ni ya kuuliza tu. Mapatano yatakuwa yale tutakayotia sahihi. Hata hapo nitaendelea kulipa kodi kama kawaida.”

Mtaona hakutaja kiasi alicho nacho. Anayetaja kwanza akiba yake huwa amekwisha kumpangia mwenziwe bei. Na yale maneno ya mwisho kuhusu kodi msiyaache: anayeacha kulipa kwa kuwa “nyumba ni yangu karibu” anampa mwenye nyumba sababu ya kumtoa.

Mzee alijibu kuwa anataka shilingi 1,800,000, naye atapokea kwa vipindi. Mwenzetu alifurahi, akataka kupeleka fedha siku ile ile! Tulimzuia. Kwanza tulitafuta habari za kiwanja katika ofisi ya ardhi, tukakuta jina ni la mzee kweli, lakini hati imewekwa rehani benki. Mzee hakuficha kwa ubaya. Alidhani deni ni jambo lake mwenyewe. Basi wakili akaandika katika mapatano kuwa malipo ya kwanza yaende benki mpaka rehani ifutwe, na mke wa mzee akatia sahihi ya kukubali. Ushuru wa stempu, asilimia 4 kwa nyumba ya mjini, ni juu ya mnunuzi. Kwake ulikuwa shilingi 72,000, ambazo hakuwa amezihesabu, ikambidi angoje miezi mitatu zaidi kabla ya kutia sahihi.