Daftari Litangulie Dhiki

Karani wa ghala la mahindi hapo Moi's Bridge, anapoazimia kumwandikia meneja wake barua ya kuomba mshahara wake utazamwe upya, asitangulize dhiki za nyumbani, bali daftari la ghala: tuseme, magunia yaliyorudishwa na wanunuzi kwa unyevu uliozidi asilimia 13.5 yalikuwa 12 katika kila 100, naye, kwa kupima kila shehena, akayapunguza hadi 3. Kisha alinganishe ujira wake na wa makarani wa maghala ya jirani, si wa Nairobi, kwa kuwa hata amri ya serikali ya kima cha chini hutofautisha miji. Mwisho, ataje kiasi anachokitaka. Ombi lisilotaja kiasi hujibiwa kwa shukurani tupu.